Nimefunga poti zote za swichi, mbona bado kuna mtu katikati?

*"Habari mtaalamu. Nasimamia mtandao wa ofisi, mashine kama 40, swichi moja ya Cisco ya poti 48 na rauta ndo inayogawa IP. Wiki hii dada wa uhasibu kalalamika brauza inamletea onyo la cheti kila akifungua barua pepe. Nikapiga arp -a kwenye mashine yake nikakuta rauta yetu, 192.168.10.1, ina MAC ileile ya laptopu moja ya ofisini, 192.168.10.37. Nikaweka port-security poti zote, MAC moja tu kwa kila poti, lakini hali ni ileile. Je swichi ni mbovu? Na paswedi zetu zimeshaibiwa?"*

Swichi yako nzima kabisa ndugu yangu, na hiyo `port-security` nayo inafanya kazi yake vizuri, shida ni kwamba umeipa kazi isiyo yake. Hilo la paswedi ntalijibu mbele kidogo manake linategemea dada wa uhasibu alibonyeza nini lile onyo lilipomtokea. Ila kabla hujaendelea kusoma, kama laptopu ya .37 bado iko mtandaoni nenda kaichomoe waya na uizimie waifai, halafu urudi. Usiizime yenyewe, usifute kitu, usianze kumfokea mwenye nayo. Itoe mtandaoni tu. Kama hujui imechomekwa wapi, swichi inajua, iulize kwa MAC uliyoiona (hapa naweka ya mfano, weka yako):

```
show mac address-table address 0000.5e00.5337
```

Itakujibu na namba ya poti, tuseme Gi1/0/14, we fuata waya mpaka mezani.

Ukishaitoa, mashine za watu zinaweza kukaa bila mtandao kwa muda kidogo. Usishtuke, hiyo ni kwa sababu bado zinaamini rauta iko kwenye ile laptopu, na laptopu haipo tena. Kwenye Windows fungua dirisha la amri kama msimamizi upige `arp -d *`, kwenye rauta ya Cisco piga `clear arp-cache`, zitauliza upya na zitapata jibu la kweli. Na hapo hapo umeshapata ushahidi wa kwanza: kama baada ya kuitoa ile laptopu `arp -a` inaonyesha MAC halisi ya rauta (ilinganishe na ile iliyoandikwa kwenye rauta yenyewe, usikisie), basi ni kweli kulikuwa na mtu katikati. Nasema hivi manake IP mbili kuwa na MAC moja sio lazima iwe uhalifu, mashine moja inaweza kupewa IP mbili kihalali, na kuna rauta zinazojibu kwa niaba ya wengine. Lakini laptopu ya mfanyakazi kujibu kwa niaba ya rauta, hiyo haina maelezo mazuri.

Sasa tuje kwenye kwa nini `port-security` imeshindwa, hapa ntakaa kidogo kwa sababu ukilielewa hili mengine yote yatanyooka.

Mashine ya uhasibu, tuseme ni 192.168.10.22, ikitaka kutoka nje inajua IP ya rauta, lakini ndani ya mtandao wa ofisi pakiti haipelekwi kwa IP, inapelekwa kwa MAC. Kwa hiyo inapaza sauti mashine zote zisikie, "mwenye 192.168.10.1 ni nani?", rauta inajibu "ni mimi, MAC yangu ni hii", na mashine inaandika hilo jibu kwenye jedwali lake ili isiulize kila saa. Hiyo ndo ARP, iliandikwa kwenye RFC 826 ya Novemba 1982, na haina sehemu ya saini wala paswedi wala chochote cha kuthibitisha kwamba anayejibu ndiye mwenyewe. Anayesema "ni mimi" anaaminiwa.

Tena ni zaidi ya hapo. Wengi wanadhani mashine inapokea jibu kwa sababu iliuliza swali. Hapana. Ukiisoma ile RFC utaona mpokeaji anaelekezwa kwanza atazame kama IP ya mtumaji tayari imo kwenye jedwali lake, kama imo abadilishe MAC palepale, na ni baada ya hapo ndo anatazama kama ujumbe wenyewe ulikuwa swali au jibu. Yaani jibu ambalo hukuliomba linakubadilishia jedwali, na hata swali lenye jina la uongo la mtumaji linakubadilishia. Mifumo ya siku hizi imeongeza vizuizi vidogo vidogo lakini tabia ya msingi bado ipo, na lazima iwepo, manake kuna wakati ni halali kabisa, mfano rauta mbili zinazopokezana, moja ikifa nyingine inatangaza "sasa hii IP iko kwangu" bila kuulizwa na mtu.

Kwa hiyo laptopu ya .37 ilikuwa inafanya vitu viwili. Inaiambia .22 kwamba 192.168.10.1 iko kwangu, na inaiambia rauta kwamba 192.168.10.22 iko kwangu. Inarudia kila baada ya sekunde chache ili jibu la kweli likipita lisikae. Kila pakiti inayotoka uhasibu inafika kwanza kwa laptopu, inasomwa, halafu inapitishwa kwenda kwenye rauta, na majibu yanarudi kwa njia hiyohiyo. Ndo maana dada wa uhasibu hakukosa mtandao. Angekosa mtandao mngegundua siku ya kwanza.

Sasa angalia ujumbe mmoja wa hiyo laptopu kwa karibu. Uchukulie kama barua iliyo ndani ya bahasha, kuna anwani juu ya bahasha na kuna maneno ndani ya barua:

```
bahasha:  kutoka 00-00-5e-00-53-37   kwenda 00-00-5e-00-53-22
barua:    IP ya mtumaji   192.168.10.1
          MAC ya mtumaji  00-00-5e-00-53-37
```

Tafuta uongo uko wapi. MAC ya kwenye bahasha ni ya kweli, ni ya laptopu yenyewe. MAC ya ndani ya barua ni ya kweli pia. Uongo ni mmoja tu, ile IP. Na `port-security` inasoma bahasha peke yake, haifungui barua. Umeiambia "poti 14 iruhusu MAC moja tu", nayo inaona MAC moja tu, ileile tangu asubuhi, haina cha kulalamikia hata kidogo. Ungeongeza ukali wowote, ungeandika MAC za watu wote kwa mkono poti kwa poti, bado jibu lingekuwa hilohilo.

Simaanishi uitoe. Ina adui wake, yule anayemwaga maelfu ya MAC za kubuni mpaka jedwali la swichi linajaa na swichi inaanza kurusha pakiti kila poti kama habu za zamani, au yule anayejibandika MAC ya mtu mwingine. Hao inawakamata. Huyu wako hayumo.

Tatizo la ndani zaidi ni kwamba swichi kwa kawaida haijui kabisa nani kapewa IP gani. Inajua MAC fulani iko poti fulani, basi. Ili ikamate uongo wa IP lazima iwe na daftari la nani ni nani, na hilo daftari halipo mpaka ulifungue wewe. Habari njema ni kwamba swichi yako huenda tayari inayo hiyo kazi ndani yake, na huhitaji kuandika daftari kwa mkono.

Daftari linaitwa `dhcp snooping`. Ukiliwasha, swichi inaanza kusikiliza mazungumzo ya DHCP yanapopita. Laptopu inaomba IP, rauta inaipa 192.168.10.37, swichi inaona yote hayo na inaandika mstari: MAC hii, IP hii, VLAN hii, poti hii, kwa muda huu. Halafu juu ya daftari unawasha ukaguzi wenyewe, `ip arp inspection`, ambao sasa unafungua barua. Kila ujumbe wa ARP unaoingia kwenye poti ya mtumiaji unasomwa IP na MAC za ndani na kulinganishwa na daftari. Ile barua ya juu ikifika Gi1/0/14, swichi inaangalia na kukuta MAC ya 53-37 ilipewa .37 na sio .1, inaitupa palepale na kuandika kwenye logi. Uhasibu haioni chochote.

Rauta yenyewe haimo kwenye daftari, manake haikuomba IP kwa mtu, ni yenyewe inayogawa. Kwa hiyo poti ya rauta unaiambia swichi iiamini, isikague. Hapo ndo kuna hatari kubwa ya kwanza: ukisahau kuiamini poti ya rauta, majibu ya DHCP yanazuiwa na ARP za rauta zinazuiwa, ofisi nzima inalala. Na ukiamini poti nyingi kupita kiasi ili "isisumbue", umejirudisha ulikotoka. Kwenye mtandao wako inaaminiwa poti moja tu, ile inayokwenda kwenye rauta. Tuseme ni ya 48 na watumiaji wako VLAN 10, fanya hivi, kuiamini poti kwanza na kuwasha baadaye:

```
interface GigabitEthernet1/0/48
 ip dhcp snooping trust
 ip arp inspection trust
exit
ip dhcp snooping database flash:snoop.db
ip dhcp snooping vlan 10
no ip dhcp snooping information option
ip dhcp snooping
```

Ule mstari wa `no ip dhcp snooping information option` usiupite juu juu. Swichi za Cisco zikiwashwa daftari zinaanza zenyewe kupachika taarifa za ziada kwenye ombi la DHCP, na rauta nyingi zikiona ile taarifa kwenye ombi ambalo halikupita kwa kifaa cha kati cha kupitisha maombi ya DHCP zinalitupa. Matokeo yake watu hawapati IP na utahangaika siku nzima ukidhani poti ya kuamini umekosea. Kwa mtandao kama wako huihitaji, izime.

Umeona sijawasha ukaguzi wa ARP bado? Nimeacha makusudi. Daftari likiwashwa linaanza tupu, haliwajui watu waliopewa IP jana. Ukiwasha ukaguzi dakika hiyohiyo, kila mtu ambaye hayumo kwenye daftari anaonekana mwongo na anazuiwa, wote 40. Lazima usubiri mpaka kila mashine iombe upya au ihuishe IP yake. Mashine kwa kawaida inahuisha muda wake ukifika nusu, kwa hiyo kama rauta inatoa IP kwa saa 24, inachukua hadi saa 12 kwa zile zinazowaka muda wote, na kama inatoa kwa siku 8 utasubiri hadi siku 4. Huwezi kusubiri? Pita mashine kwa mashine upige `ipconfig /renew`, au waambie watu wawashe upya kompyuta zao wakirudi chakula cha mchana. Halafu hesabu:

```
show ip dhcp snooping binding
```

Kila mashine lazima iwe na mstari wake. Una 40, unaona 33, basi zile 7 zitafute moja moja kabla hujaendelea. Mara nyingi utakuta ni zile zilizopewa IP kwa mkono, printa, kamera, mashine ya mahudhurio, seva ndogo ya mafaili. Hizo hazitaingia kwenye daftari hata usubiri mwaka, kwa sababu haziongei DHCP. Una njia mbili. Njia ninayoipenda mimi ni kuziacha zichukue IP kwa DHCP na kwenye rauta uziwekee nafasi ya kudumu kwa MAC zao, hapo zinapata IP ileile siku zote na zinaingia kwenye daftari kama wengine. Zinazokataa, zisizo na hata pa kubadilishia, ziandikie ruhusa kwa mkono:

```
arp access-list VIFAA
 permit ip host 192.168.10.9 mac host 0000.5e00.5309
exit
ip arp inspection filter VIFAA vlan 10
```

Usiweke neno `static` mwishoni mwa huo mstari wa `filter`. Ukiliweka swichi inaacha kabisa kutazama daftari, asiyekuwa kwenye orodha ya mkono anakataliwa, na kwa watu 40 hiyo ni balaa.

Hesabu ikishatimia, chagua muda watu wameondoka ndo uwashe:

```
ip arp inspection vlan 10
```

Kaa hapo nusu saa na printa zote, simu zote, kila kitu, ujaribu mwenyewe. Kikikosea kitu unarudisha kwa `no` mbele ya amri hiyohiyo, hakuna kilichoharibika.

Kuna mambo mawili yatakayokuumiza baadaye kama hukuyajua leo. La kwanza ni umeme. Daftari linakaa kwenye kumbukumbu ya muda, swichi ikizima na kuwaka linakuwa tupu, lakini mashine za watu hazijui kwamba swichi ilizima, kwa hesabu zao bado zina IP halali na hazina haja ya kuomba. Yaliwahi kunikuta kwa mteja mmoja, umeme ulikatika dakika 2 tu, mashine zilikuwa kwenye betri kwa hiyo zenyewe hazikuzima, swichi haikuwa kwenye betri. Swichi iliporudi taa zote za kijani, kebo nzima, IP mtu anazo, na hakuna hata mmoja anayetoka. Nilichukua zaidi ya saa nzima kugundua, kwa sababu kila nilichopima kilikuwa kinasema mtandao ni mzima, mpaka nilipofungua daftari nikakuta halina hata mstari mmoja. Ndo maana kule juu nimekuwekea ule mstari wa `database flash:snoop.db`, unaifanya swichi iandike daftari kwenye faili na kulisoma ikiwaka. Hakikisha na saa ya swichi iko sawa, manake muda wa IP unahifadhiwa kwa saa, saa ikirudi nyuma au mbele mistari inahesabiwa vibaya.

La pili ni kasi. Kwenye poti zisizoaminiwa ukaguzi unaruhusu ARP 15 kwa sekunde, zikizidi poti inafungwa kabisa, utaiona imeandikwa `err-disabled`. Mtu wa kawaida hafiki 15. Lakini programu ya kuorodhesha vifaa vya mtandao inafika kirahisi, inauliza IP 254 kwa mfululizo, na ghafla mashine yako wewe msimamizi ndo inafungiwa. Ukijua una mashine kama hiyo iongezee kiwango poti yake peke yake kwa `ip arp inspection limit rate 100`, usizime kikomo ofisi nzima. Na kama unataka poti ijifungue yenyewe baada ya muda weka `errdisable recovery cause arp-inspection`, kwa kawaida inasubiri sekunde 300.

Sasa nikuambie pale ambapo hii kinga haifiki, manake nisingependa ulale ukiamini kitu kisichokuwepo. Swichi inakagua kinachopita kwake tu. Kama chini ya meza ya uhasibu kuna kiswichi cha poti 5 kisicho na akili, kimechomekwa kwenye poti moja ya swichi yako na kinahudumia watu wanne, hao wanne wanaongea wao kwa wao humohumo, swichi kubwa haisikii. Mmoja wao anaweza kumwambia mwenzake "mimi ndo rauta" na hakuna atakayekagua. Akijaribu upande wa pili, kuidanganya rauta, hapo atakamatwa kwa sababu lazima apite kwako, lakini nusu moja tu inamtosha kusoma kila kinachotoka kwenye mashine ya mwenzake, pamoja na paswedi zinazotumwa. Viswichi hivyo vitoe, vuta waya mmoja mmoja. Na kwa kuwa ulishaweka MAC moja kwa poti, hapa ndo `port-security` inakusaidia kweli, mtu akichomeka kiswichi chake kesho utajua. Waifai ni hadithi ileile, wawili walioungana na kifaa kimoja cha waifai wanaweza kuongea bila kufika kwenye swichi, kwa hiyo kwenye kifaa cha waifai washa ile seti ya kuzuia watumiaji wasionane.

Na kama ofisi inatumia IPv6, au mashine zimejiwashia zenyewe (na nyingi zinajiwashia), ukaguzi wa ARP haugusi huko. IPv6 haina ARP, ina utaratibu wake wenye udhaifu unaofanana na kinga zake ni nyingine, ya kuanzia ni `ipv6 nd raguard` kwenye poti za watumiaji ili laptopu isijitangaze kuwa rauta.

Mwenye ofisi ndogo zaidi, swichi ya bei ya chini isiyo na haya mambo, anaweza kuandika MAC ya rauta kwa mkono kwenye kila mashine. Inafanya kazi. Lakini lazima na rauta iandikiwe MAC za mashine zote, la sivyo umefunga upande mmoja tu, na siku mkibadilisha rauta utapita tena mashine zote. Kwa mashine 5 sawa. Kwa 40 sikushauri.

Haya, paswedi. Ile barua pepe yenu inapita kwa HTTPS, na mtu wa katikati haoni ndani ya HTTPS isipokuwa aweke cheti chake badala ya cha kweli. Lile onyo ndo lilikuwa hicho cheti chake. Kwa hiyo muulize dada wa uhasibu swali moja, kwa upole ili aseme kweli: onyo lilipotokea ulifunga, au ulibonyeza "endelea" na ukaandika paswedi? Kama alifunga kila mara, barua pepe haikusomwa, ingawa aliyekuwa katikati alikuwa anaona anafungua tovuti zipi. Kama hata mara moja aliendelea na kulogini, hesabu kwamba paswedi imechukuliwa, ibadilishwe leo, kwa kutumia simu yenye data yake na sio mtandao wa ofisi, na uondoe vifaa vyote vilivyologini kwenye akaunti hiyo, kwa sababu mwizi akishaingia anaweza kubaki ndani hata paswedi ikibadilika. Halafu fikiria vitu visivyo na HTTPS kabisa, ukurasa wa kamera, printa, mafaili yanayopelekwa kwa FTP, na wewe mwenyewe kama unaingia kwenye swichi kwa telnet. Paswedi yoyote iliyopita huko kipindi hicho ilisomeka kama ilivyo. Hiyo ya swichi badilisha kwanza kabla ya zote, na uhamie SSH.

Kuhusu mwenye laptopu, usimhukumu. Inawezekana ni yeye, inawezekana laptopu yake ina programu mbaya na yeye hajui lolote. Kujua ni lipi kunahitaji mtu wa uchunguzi aje aishike mwenyewe, ikiwa haijazimwa wala kupigwa upya, ndo maana nilikuambia uitoe mtandaoni tu. Kama uhasibu wanaingia benki kwa mashine ile, au kuna malipo ambayo hamyaelewi, mtu huyo aitwe leo na benki ijulishwe leo, usisubiri umalize kuseti swichi. Na kama hujawahi kugusa swichi kwa kebo ya konsoli, tafuta fundi akae na wewe usiku ule wa kuwasha ukaguzi, manake ukikosea poti ya kuamini unaweza kujifungia nje mwenyewe.

Ukishawasha, usijaribu kwa programu za kughushi ARP, huna haja nazo. Chukua laptopu yako, ichomeke poti ya kawaida, badala ya DHCP iandikie kwa mkono IP ambayo haina mtu, mfano 192.168.10.200, halafu jaribu kufikia rauta. Inatakiwa ikwame. Na kwenye swichi, ukipiga `show logging`, utafute mstari unaoanza hivi, ukiwa na namba ya poti yako:

```
%SW_DAI-4-DHCP_SNOOPING_DENY: 1 Invalid ARPs (Req) on Gi1/0/20, vlan 10.
```

Ukiuona huo mstari, rudisha laptopu yako kwenye DHCP, halafu nenda mashine ya uhasibu upige `arp -a` kwa mara nyingine uangalie MAC ya rauta. Usipouona na laptopu ya .200 ikapita, kuna poti umeiamini isiyostahili au umewasha kwenye VLAN tofauti na ya watumiaji, anza na `show ip arp inspection interfaces`, safu ya `Trust State` itakuonyesha ni ipi.